Usahihi wa lugha haufai kitu bango la duka lisiposomeka

MAJUZI nilipokea picha kwenye simu kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani. Baada ya kusomea famasia na kuajiriwa kwa miaka kadhaa, amefungua duka lake la dawa katika mji mdogo kando ya barabara ya Kisumu kuelekea Busia. Picha ilikuwa ya bango jipya la duka hilo. Chini yake aliandika: “Mwalimu, niambie ukweli, usinifiche. Watu wananipita wanaenda kwa jirani.”

Nilifanya kile ambacho sisi walimu wa lugha hukimbilia kufanya. Nilivuta picha kwa vidole viwili, nikaisoma neno kwa neno, nikaona “MADAWA” na papo hapo nikamrudishia jibu: “Ni dawa, si madawa. Rekebisha.” Nikaona kazi yangu imekwisha.

Wiki moja baadaye nilipitia mjini humo nikiwa safarini. Nilishuka kwenye steji ya matatu iliyo ng’ambo ya barabara, kiasi cha mita 40 kutoka dukani, nikaanza kulitafuta duka lenyewe. Sikuliona. Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni aliniuliza, “Baba, kemisti iko wapi hapa?” Tulikuwa tumelielekea bango hilo sote wawili! Hapo ndipo nilipong’amua kwamba nilikuwa nimesahihisha sentensi ambayo hakuna aliyeweza kuisoma.

Wataalamu wa isimujamii wana uwanja mzima wa kuchunguza maandishi ya barabarani, madukani na kwenye majengo ya umma. Uwanja huu, unaoitwa mandhari-lugha, ulipata umaarufu kufuatia makala ya Landry na Bourhis ya mwaka 1997. Aghalabu tunaoufuatilia hapa nchini huuliza ni lugha gani imetumika, na makosa ni yapi. Ni nadra tuulize iwapo mpita njia anaweza kuyasoma maandishi hayo kutoka pale aliposimama. Leo nalirudia bango lile kwa jicho hilo, kwa idhini ya mwenyewe, ila jina la duka nalihifadhi.

Bango lina upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.2, yaani bati zima la futi nane kwa nne. Juu kuna jina la duka, maneno mawili yakifuatwa na “Kemisti”, kwa herufi za mwandiko zilizoviringishwa mikia kama za kadi ya harusi. Chini yake kuna mistari minne: TUNAUZA MADAWA YA KILA AINA KWA BEI NAFUU; DAKTARI YUKO NDANI SAA ZOTE; TUNAPIMA PRESHA, SUKARI NA UJAUZITO; KARIBUNI NYOTE MUHUDUMIWE. Halafu nambari mbili za simu. Maandishi ni mekundu juu ya kijani, na pembeni kuna msalaba mwekundu ndani ya duara jeupe.

Hebu tuanze na ukubwa wa herufi. Kile kibao cha herufi kinachotumiwa na wapimaji wa macho, ambacho daktari Mholanzi Herman Snellen alikibuni mwaka 1862, kinatupa kipimo kizuri. Mtu mwenye macho mazima, akiwa mita 6 kutoka kibaoni, hutambua herufi yenye kimo cha karibu milimita 9, na hapo amefika ukingoni. Kwa mita 40, ukingo huo unakuwa karibu sentimita 6. Nilipoipima mistari minne ya bango letu, herufi zake zilikuwa na sentimita 6 kamili. Maana yake ni kwamba kijana mwenye macho makali, asiye na haraka, akitazama wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, angeweza kuzibaini kwa tabu. Mama aliyechoka na anayebembeleza mtoto hawezi.

Ndiyo maana mafundi wa mabango wana kanuni yao ya kukadiria: inchi moja ya kimo cha herufi kwa kila futi kumi za umbali. Mita 40 ni takriban futi 130, kwa hivyo herufi inahitaji inchi 13, yaani sentimita 33. Piga hesabu mwenyewe. Bango lenye kimo cha sentimita 120 haliwezi kubeba mistari mitano ya herufi kama hizo. Hesabu hii haimwambii mwenye duka aongeze ukubwa wa herufi tu, bali inamlazimisha apunguze maneno.

Na maneno yenyewe ni mengi mno. Nimehesabu 24, bila kugusa nambari za simu. Matatu inayokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi inayoruhusiwa mijini, humaliza mita 40 kwa sekunde tatu hivi. Hata msomaji hodari mwenye kitabu mkononi hasomi maneno 24 kwa sekunde tatu. Abiria atanasa mawili au matatu, na hapa hakuna neno hata moja lililotangulizwa ili linaswe.

Jambo la pili ni rangi. Mwanafunzi wangu alijitetea kwamba nyekundu na kijani “zinaonekana kabisa”. Kweli, kila moja ikiwa peke yake inang’aa. Lakini jicho husoma herufi hasa kwa kutofautisha kilicho cheupe na kilicho cheusi kuliko kwa kutofautisha rangi na rangi. Watengenezaji wa tovuti hupima tofauti hiyo kwa uwiano unaoanzia 1, pale rangi mbili zina mwangaza sawa, hadi 21, ambapo nyeusi imekaa juu ya nyeupe. Kwa maandishi ya kawaida wanadai 4.5 au zaidi. Kwa maandishi makubwa wanakubali 3. Nyekundu kolevu juu ya kijani cha wastani hupata karibu 1.3. Nyeupe juu ya kijani kilichokolea sana hupita 7. Vipimo hivi ni vya kioo cha simu au kompyuta, na rangi ya mkebe chini ya jua haitalingana navyo sawasawa, lakini mpangilio haubadiliki: nyekundu juu ya kijani huzama. Isitoshe, wapo watu, wengi wao wakiwa wanaume, ambao macho yao hayatenganishi vyema rangi hizo mbili.

Hakuna haja ya kuniamini mimi. Chukua picha ya bango lako, iondoe rangi kwa kutumia simu ili ibaki ya kijivu, kisha uitazame. Nilipofanya hivyo kwa picha hii, maandishi yalitoweka kama chumvi majini. Ukabaki ule msalaba tu, kwa sababu ya duara lake jeupe. Halafu punguza picha hadi bango liwe na upana wa sentimita 3 kiooni, uishike simu nusu mita kutoka machoni. Ukubwa utakaouona ni sawa na wa bango la mita 2.4 ukiwa mita 40 mbali nalo. Usichoweza kukisoma hapo, mteja wa ng’ambo ya barabara naye hakisomi. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo: niliikuza picha badala ya kuipunguza.

Sasa tuje kwenye imani. Duka la dawa si duka la sukari na unga. Mteja humeza anachouziwa bila ya kuwa na namna ya kukipima, kwa hivyo huanza kupima kile anachokiona nje. Je, bango hili linamjengea imani au linaibomoa?

Tuanze na “DAKTARI YUKO NDANI”. Mwenye duka ni mtaalamu wa famasia aliyesoma na kusajiliwa. Si daktari. Nilipomuuliza kwa nini aliandika hivyo, alisema kila mtu mtaani humwita “dakitari”, na fundi wa bango akaona inafaa. Sawa, wateja wakimwita hivyo kwa heshima, hiyo ni lugha ya mtaa. Yeye akijiita hivyo kwa maandishi, ni madai ya uongo. Siku mgonjwa atakapoomba kupasuliwa jipu, kila kitu kingine kilichoandikwa pale kitatiliwa shaka, hata kile cha kweli.

Msalaba mwekundu nao si pambo la duka. Ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na Kenya ina sheria ya kuitekeleza mikataba hiyo. Kazi yake ni kuwakinga wahudumu wa afya vitani. Mfanyabiashara hana ruhusa ya kuitumia. Maduka ya dawa katika nchi nyingi hutumia msalaba wa kijani, na huo hauna tatizo.

Vipi kuhusu “madawa”, lile neno lililonishughulisha mwanzoni? Bado nashikilia msimamo wangu, ila sasa nina sababu bora. Nomino “dawa” iko katika ngeli ya I-ZI na umbo lake halibadiliki katika wingi. Wapo wanaoitetea “madawa” kwa kuwa imezoeleka. Lakini imezoeleka wapi? Katika “madawa ya kulevya”! Mwenye kuuza tembe za malaria asijitwike kivuli hicho. “Ya kila aina” ndiyo inayozidisha shaka.

Nilimpendekezea hivi. Bati lote lipakwe kijani kilichokolea, rangi isiyong’aa ili jua la mchana lisiakisiwe. Neno DAWA, jeupe, herufi nyofu zisizo na mikia, kimo cha sentimita 40. Kando yake msalaba wa kijani ndani ya mraba mweupe. Chini, jina la duka kwa sentimita 20, ambalo litasomeka vizuri kutoka mita 24. Mengine yote, yaani vipimo vinavyofanywa, nambari ya simu, jina la mhudumu na sifa yake halisi ya kitaaluma, yahamie kwenye kibao kidogo mlangoni, karibu na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Hapo mteja amekwisha kufika, na ana muda wa kusoma na kuhakikisha.

Alinipinga katika jambo moja. “Mwalimu, hapa kwetu watu huuliza kemisti, hawaulizi dawa.” Nilimkumbuka yule mama wa stejini, nikanyamaza. Tukakubaliana: DAWA ibaki juu kwa kuwa ni herufi nne tu na hata aliyesoma kidogo hulitambua, na “Kemisti” ibaki kwenye jina.

Jumapili alinitumia picha ya bango jipya. Sikuikuza. Niliipunguza hadi sentimita 3, nikanyoosha mkono, nikasoma: DAWA. Kisha nikamwandikia kwamba limebaki jambo moja, taa, kwa maana homa za watoto hazingoji mchana.