Maneno Thelathini ya John Dube

Kibao cha kumbukumbu nakisoma kama shairi fupi: kila neno lina bei. Tofauti ni kwamba shairi linaruhusiwa kutia chumvi, kibao hakiruhusiwi. Kikishachongwa, hakuna tanbihi wala toleo la pili. Basi nijaribu maneno thelathini ya John Langalibalele Dube, aliyeanzisha shule ya Ohlange kule Inanda, Natal, Afrika Kusini.

Tuanze na tarehe. Alizaliwa 22 Februari 1871, akafariki 11 Februari 1946, siku kumi na moja kabla ya kutimiza miaka 75. Mchongaji makini ataona Februari mara mbili na kudhani mwandishi amenakili vibaya. Hajakosea kushtuka. Ila dawa ni kurudi kwenye kumbukumbu za kifo, siyo "kusahihisha" kwa kukisia.

Mwaka wa shule ndio mtihani. Vitabu vingine vinasema 1900, vingine 1901. Sababu moja ya vurugu za namna hii ni neno lenyewe "kuanzisha": ni kupata kiwanja, kufungua mlango, au kupokea wanafunzi? Mpaka uwe umeamua unahesabu tukio gani, na una karatasi ya tukio hilo, mwaka usichongwe.

Kisha sifa. Wengi wangeandika "mwasisi wa ANC". Hapana. Mwaka 1912, mkutano wa Bloemfontein ulimchagua rais wa kwanza wa SANNC akiwa hayupo ukumbini. Jina ANC lilikuja 1923. Wengine watataka kutaja kwamba Mandela alipiga kura Ohlange mwaka 1994. Habari tamu, lakini Dube alikuwa ameshakufa karibu miaka hamsini. Hiyo ni sifa ya mahali, siyo ya mtu.

Kinachoniuma zaidi ni jina linaloachwa. Mkewe wa kwanza, Nokutela Mdima, alichangisha fedha naye huko Marekani na alifundisha muziki shuleni. Alifariki 1917, na kaburi lake Johannesburg lilikaa bila jiwe la jina hadi 2013. Kibao kikisema "alianzisha" peke yake, kinamzika mara ya pili.

Haya, hesabuni wenyewe:

*John Langalibalele Dube, 22 Februari 1871 – 11 Februari 1946. Pamoja na mkewe Nokutela Mdima (1873–1917) alianzisha shule ya Ohlange. Mwanzilishi wa gazeti Ilanga, 1903. Rais wa kwanza wa SANNC, 1912.*

Thelathini kamili, tarakimu zikiwemo. Hamna "shujaa", hamna "mpendwa", hamna "mwanga wa elimu". Maneno hayo yanamfaa mwanzilishi yeyote, kwa hiyo hayamwambii mpita njia lolote kuhusu huyu. Jina la Nokutela limekula nafasi ya maneno sita. Ukiniambia nipunguze, nitaanza na gazeti.