Koki Inayovuja Shingoni

Fundi mwenye macho hushika kitambaa kikavu kabla ya kushika spana. Huifuta koki yote, kuanzia kwenye maungio ya bomba hadi kwenye mpini, kisha husubiri aone tone la kwanza litatokea wapi. Likitokea kwenye maungio, tatizo ni la bomba. Likitokea kwenye ufa wa mwili wa koki, nenda dukani. Lakini likijitokeza juu, pale mti mwembamba wa shaba ulioshika mpini unapoingia kwenye nati ndogo, usikubali kuuziwa koki mpya. Aliyeitengeneza ile ya zamani alijua siku hiyo itafika, akaacha njia ya kuitibu.

Mti huo mafundi huuita spindo. Unatakiwa uzunguke, lakini maji yasipande nao. Ndiyo maana ndani ya shingo ya koki pana kikombe kidogo kilichojazwa pakingi, yaani uzi laini wenye mafuta uliozungushwa kwenye spindo. Juu ya pakingi hukaa pete ya shaba, na juu ya pete hukaa nati ya shingo. Nati ikikazwa husukuma pete, pete hubana pakingi, na pakingi ikikosa pa kwenda hutanuka ubavuni na kuukumbatia mti. Miaka ikipita mafuta hukauka, uzi husinyaa, na maji hupata upenyo.

Nilimwona mzee mmoja, fundi bomba wa Tanga, akiihudumia geti valvu ya nusu inchi katika nyumba ya zamani Ngamiani. Ilikuwa baada ya mita, kwa hiyo kila tone lilikuwa limeshahesabiwa. Alikinga kikombe cha robo lita, kikajaa kwa dakika 10. Hesabu yake ni lita 36 kwa siku, karibu ndoo mbili kubwa, na kwa mwezi wa siku 30 ni lita 1,080. Mwenye nyumba alikuwa akilipia uniti nzima na zaidi ya maji yaliyoishia kwenye mchanga.

Mzee alishika spana mbili. Moja aliishikiza kwenye mwili wa valvu usizunguke, ya pili akaivika nati. Wengi huidharau ile spana ya kwanza, na ndiyo inayookoa nyumba. Bomba la chuma la siku nyingi huwa limeliwa na kutu pale lilipokatwa nyuzi, na valvu ikijipinda kidogo tu huvunjika hapo, kazi ya dakika chache ikageuka ya kufukua ukuta.

Akakaza kuelekea mkono wa kulia, nusu ya robo ya mzunguko, si zaidi. Akaachia, akauzungusha mpini mbele na nyuma ili pakingi ijipange, akatazama. Matone yalipungua. Akarudia kipimo kilekile, akatazama tena. Mara ya tatu nati iligota mwisho wa nyuzi zake, na maji bado yalikuwa yanachungulia.

Kilichofuata ndicho kilichonipendeza zaidi. Hakuongeza nguvu. Aliuzungusha mpini kwa vidole viwili, ukazunguka kwa ulaini uleule wa mwanzo, akasema, “Humu ndani hamna kitu.” Nati imefika mwisho na mti bado ni mlegevu: pakingi imekwisha, kinachobanwa ni hewa. Ingekuwa kinyume chake, mti umekaza hadi mpini unagoma na maji bado yanatoka, angejua kwamba pakingi imekuwa ngumu isiyokumbatia tena, au mti wenyewe una mikwaruzo. Asiyejua tofauti hiyo huendelea kukaza hadi nati ya shaba ipasuke, hasa ile ambayo rangi yake ya njano imeanza kugeuka waridi. Rangi hiyo ni dalili kwamba zinki imetoka kwenye shaba, na kilichobaki ni metali dhaifu yenye vitundu.

Basi akafunga koki iliyo kabla ya mita na kufungua bomba la uani ili msukumo uishe. Hakuifunga geti valvu yenyewe na kuiamini, na alikuwa na sababu. Kilango cha geti valvu kikishushwa huzuia maji yasiendelee mbele, ila maji yanaweza kupita pembeni mwake na kupanda hadi shingoni. Stopu koki ni tofauti: maji huingia kutokea chini ya washa, kwa hiyo ikifungwa, shingo hubaki upande usio na msukumo, mradi koki iliwekwa kwa kufuata mshale uliochorwa mwilini. Kama iliwekwa kinyume, ukilegeza nati utaoga.

Alifungua skrubu ya mpini, akatoa mpini, nati na pete. Akadondoshea maji kidogo kwenye kikombe cha shingo kabla ya kuchokonoa, kwa sababu pakingi za zamani nyingine zilikuwa na asbestosi na vumbi lake si la kuvuta. Uzi ulitoka vipandevipande, mweusi na mkavu kama majani ya chai yaliyosahaulika jikoni. Alitumia kijiti chenye ncha, akikielekeza kwenye ukuta wa kikombe, mbali na mti, kwani mkwaruzo mmoja wa urefu kwenye spindo ni mfereji ambao hakuna pakingi itakayouziba kwa muda mrefu. Kisha akausugua mti kwa pamba ya chuma laini hadi uwe mng'avu.

Nikamwuliza, “Mzee, si utie katani tu?” Tulikuwa Tanga, mji ambao mkonge umekuwa kazi yake tangu mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, na katani iko katika mfuko wa kila fundi. “Katani, mwanangu, ni ya mahali pasipozunguka,” alisema. Kwenye nyuzi za bomba hukaa miaka. Kwenye spindo, nyuzi zake ngumu hukatika kila mpini unapozungushwa.

Alichotumia ni tepu nyeupe ya bomba. Alikata kama nusu mita, akaisokota hadi ikawa kamba nyembamba, akaipaka grisi ya silikoni (grisi ya gari haifai kwa maji ya kunywa). Akaizungusha kwenye mti kuelekea kulia, upande uleule nati inakokazwa, ili nati ikishuka iivute kamba iingie ndani badala ya kuifumua. Kila baada ya mzunguko aliishindilia kwa bisibisi bapa. Kikombe kilipokaribia kujaa alirudisha pete, na nati ikashika nyuzi mbili tatu kwa mkono tu. Nafasi iliyobaki chini ya nati ni akiba ya kukaza miaka ijayo. Ukijaza hadi juu, nati haitashika. Kwa mabomba ya maji ya moto sana au ya mvuke angetafuta kamba ya grafiti.

Maji yalifunguliwa polepole. Tone moja likatoka, akakaza nusu ya robo, pakakauka. Mpini ulikuwa mzito kidogo kuliko mwanzo, na uzito huo ndio kipimo: uusikie ukishika, lakini usihitaji mikono miwili.

Pakingi mpya hujikalia ndani ya siku mbili tatu, hivyo tone likirudi usifungue upya, kaza kidogo tu. Na geti valvu ikishafunguliwa hadi mwisho, irudishe robo mzunguko, kisha uizungushe kila baada ya miezi michache isije ikagandia wazi siku bomba litakapopasuka.