Kijiko Gani?

Kwa miaka kadhaa niliandika "hasikilizi wateja" kwenye fomu za tathmini, nikatia sahihi, nikaona nimemaliza kazi. Aliyenizindua ni binti niliyekuwa nikimsimamia katika duka la dawa. Alisoma maneno yale, akaniuliza kwa adabu: "Dada, uliniona nikifanya nini?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile naipenda kazi ya kuligeuza neno la tabia kuwa tendo ambalo hata mgeni aliyeketi kwenye benchi angeliona. Baadaye nikasoma kwamba John Flanagan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewahi kuchunguza marubani wa vita, aliandika mwaka 1954 kuhusu kukusanya matukio badala ya sifa. Sisi tulianza na matendo mawili: asigeukie rafu kabla mteja hajamaliza kueleza, na asikabidhi dawa kabla ya kuhakikisha mteja ameelewa. Kila wiki nilitazama wateja 10, watano asubuhi na watano jioni, nikatia alama daftarini. Mwisho wa mwezi tukaketi dakika 20, daftari katikati yetu.

Tendo la kwanza lilitimia kwa wateja 22 kati ya 40, na jumla hiyo peke yake ingenidanganya. Asubuhi zilikuwa 18 kati ya 20. Jioni, foleni ikifika mlangoni, 4 tu. Kumbe kusikiliza anakujua, foleni ndiyo inayomshinda. Tukaacha kumpa kazi ya kupanga mzigo saa za jioni, na mwezi wa pili jioni ikafika 13. (Ingefika 6 ningenyamaza: kwa wateja 20, tofauti ya wawili ni bahati tu.)

Tendo la pili liliniaibisha mimi. Alama zilikuwa zimejaa, 37 kati ya 40, hadi siku niliposogea karibu na kaunta. Mama mmoja alikuwa na chupa ya amoksisilini ya mtoto: mililita 5, mara 3 kwa siku. "Umeelewa?" "Nimeelewa." Nani atakiri hajaelewa, na watu wamepanga nyuma yake? Nikamuuliza atapimaje. "Kijiko kimoja." Kijiko gani? Akanionyesha kwa vidole urefu wa kijiko cha chakula, ambacho hubeba kama mililita 15.

Kikaoni tukakiandika upya kiashiria hicho: mteja mwenyewe aseme kwa maneno yake atatumia kiasi gani, kwa kipimo kipi, mara ngapi. Mwezi uliofuata alama zikashuka hadi 15. Mwenye duka akadhani binti amezembea, ikabidi nimwonyeshe mstari mwekundu tuliopiga daftarini: alama za juu yake na za chini yake hazilinganishwi, kwa kuwa hazikupima kitu kimoja.

Wiki ile ile binti akaliomba daftari, anihesabu na mimi. Nilipata 3 kati ya 10.