Swali la Mlango Uliofungwa

Memwari inapofika mezani kwangu hapa Miti, siku chache kabla ya utetezi, siisomi kuanzia utangulizi. Nafungua sura ya mbinu, na kwa kalamu ya risasi napiga mstari chini ya kila kitenzi cha kuchagua: tulichagua, tulitumia, tulichukua. Kila mstari ni njia panda. Mwandishi alipita upande mmoja na kuuacha mwingine, nami nataka kujua aliacha nini, na kwa nini.

Sura iliyotungwa na akili mnemba ina alama yake. Inasifu njia iliyochaguliwa, wala haitaji njia iliyoachwa. Aliyetembea vijijini hukumbuka kwanza vikwazo: mvua, kaya iliyohama, mzee aliyekataa kujibu. Sifa za mbinu zimo katika kila kitabu, lakini vikwazo vya Miti vimo kichwani mwa aliyefika Miti.

Tuchukue mfano wa kazi kuhusu chakula katika kaya za grupma ya Miti. Sura inasema: kaya 384 zilichaguliwa kwa sampuli nasibu. Namba hiyo naijua kama ninavyoijua njia ya kwenda Kavumu. Inatokana na hesabu hii:

```
n = 1.96² × 0.5 × 0.5 / 0.05² = 384.16
```

Ukiikamilisha kwenda juu unapata 385, lakini si hapo ninapomshika mtu. Hesabu hii inadai kila kaya iwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, peke yake, bila kufuata jirani yake. Kwa hiyo lazima iwepo orodha ya kaya zote. Swali langu la kwanza ni fupi: orodha uliipata kwa nani, na iliandikwa lini? Kuna majibu mazuri. Mmoja atasema alianza na orodha ya ugawaji wa vyandarua, mwingine atasema alizunguka na mkuu wa kijiji akihesabu nyumba kwa nyumba. Mwaka nao una uzito. Februari 2025 M23 waliingia Kavumu, kisha Bukavu, na watu wengi wakakimbia. Orodha iliyoandikwa kabla ya hapo inaweza kutaja nyumba zisizo na watu, na kuwaacha nje waliohamia kwa ndugu zao.

Kisha nafungua viambatisho. Mara nyingi huko nakuta ukweli ambao sura haikuusema: vijiji 16, na katika kila kijiji kaya 24. Zidisha, ni 384. Basi kaya hazikuchaguliwa moja moja, zilichukuliwa kwa mafungu. Majirani wanalima udongo mmoja na kununua sokoni pamoja, hivyo majibu yao hufanana. Tukikadiria mfanano huo kuwa 0.05 tu, tunapata:

```
1 + (24 - 1) × 0.05 = 2.15
384 / 2.15 ≈ 179
```

Yaani kaya zile 384 zinatupa habari kama ya kaya 179 zilizochaguliwa moja moja. Sitegemei mwanafunzi ajue hesabu hii kwa moyo. Namuuliza: kwa nini kaya 24 katika vijiji 16, na si kaya 12 katika vijiji 32? Aliyefanya kazi atajibu bila kusita: nauli ya pikipiki, usalama, siku alizopewa. Hiyo ni sababu halali kabisa, na natamani angeiandika. Aliyepewa sura tayari atarudia kwamba sampuli nasibu huondoa upendeleo.

Kabla ya kulipeleka swali mbele ya juri, naliandikia mwenyewe majibu mawili: la aliyefika na la aliyesoma tu. Yakifanana, swali nalifuta. Kwa kipimo hicho nimefuta mengi, hasa yale ya kutaka maana ya istilahi, kwa sababu yanamwadhibu mwenye kumbukumbu dhaifu na kumwacha aliyekariri.

Nachunga pia jambo jingine. Kuna mwanafunzi aliyetembea kweli, ila Kifaransa chake kinamwangusha, akaomba mashine imnyooshee sentensi. Akisimama mbele yetu anababaika, nasi tunaweza kudhani hajui. Huyo namwomba ajibu kwa Kiswahili, au kwa Mashi ikiwa wenzangu wanaielewa. Mara nyingi mikono yake huanza kuchora kijiji hewani.

Swali la mwisho hutoka kwenye jedwali. Kaya 384 zilichaguliwa, na kaya 384 zilijibu. Siku ya soko mama yuko sokoni, na msimu wa kupanda nyumba nzima iko shambani. Kwa hiyo naandika: ulipogonga mlango ukaukuta umefungwa, ulifanya nini? Chini yake naacha mistari mitatu mitupu, ya kuandika jibu kama litakavyotoka kinywani mwake.