Taa Moja, Meli Mbili

Katika hesabu za sekondari liko swali ambalo wanafunzi wengi hulikimbia, kwa sababu halitaki kulala kwenye karatasi. Meli mbili ziko baharini. Kila moja inaiona taa ya mnara mmoja, kwa pembe yake ya mwinuko na kwa uelekeo wake wa dira. Tafuta umbali baina ya meli hizo. Hakuna kamba iliyofungwa toka chombo hiki hadi kile, wala hakuna aliyepima hata hatua moja juu ya maji. Urefu pekee unaojulikana ni ule wa taa, nao uko nchi kavu. Kwangu mimi hili ndilo swali zuri kuliko yote ya trigonometria ya shule, na nina hakika linaogopwa kwa sababu hufundishwa bila bahari.

Tulipe bahari, basi. Kusini ya mji wa Unguja kuna kisiwa cha Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Tuazime mahali pake tu, tuweke hapo mnara wa kubuni ambao taa yake iko mita 40 juu ya maji. Upande wa magharibi, kwenye mkondo, kuna meli ya mizigo na jahazi. Aliyeko melini anaiona taa kwa mwinuko wa nyuzi 1.5, na dira inamwambia mnara uko uelekeo wa 040. Aliyeko jahazini anaiona kwa mwinuko wa nyuzi 2, na kwake mnara uko uelekeo wa 125. Wanapima kwa wakati mmoja.

Ufundi wote uko katika kuona kwamba hapa kuna pembetatu tatu, na kwamba hazikai pamoja. Mbili zimesimama wima, kila moja ikianzia kwenye chombo chake na kwenda kukutana na mwenzake mnarani, mithili ya mbao mbili za mlango zilizotiwa bawaba kwenye mwimo mmoja. Ya tatu imelala juu ya maji, na pembe zake ni meli, jahazi na tako la mnara. Pembe za mwinuko ni mali ya zile zilizosimama. Uelekeo wa dira ni mali ya ile iliyolala. Anayezichora zote kwenye ubapa mmoja amekwisha kupotea kabla hajagusa kikokotoo.

Tuanze na zilizosimama. Tanjenti ya nyuzi 1.5 ni 0.02619. Gawanya mita 40 kwa namba hiyo, unapata kwamba meli iko mita 1,528 kutoka mnarani. Tanjenti ya nyuzi 2 ni 0.03492, kwa hiyo jahazi liko mita 1,145. Kazi ya pembe za mwinuko imekwisha hapo, hazitahitajika tena.

Kabla ya kuendelea, mtu makini husimama kidogo ajiulize jibu linaweza kuwa kati ya ngapi na ngapi. Kama vyombo viwili vingekuwa upande mmoja wa mnara kwenye mstari mmoja, umbali wao ungekuwa tofauti ya hizo namba, yaani kama mita 380. Kama vingekuwa pande mbili kinyume, mnara ukiwa katikati, ungekuwa jumla yake, kama mita 2,670. Jibu lolote nje ya mipaka hiyo ni la kutupwa, hata likitoka kwenye kikokotoo cha bei gani.

Sasa pembetatu iliyolala. Tunahitaji pembe iliyo kwenye tako la mnara. Meli inauona mnara uelekeo wa 040, kwa hiyo kutoka mnarani meli iko 220. Jahazi linauona uelekeo wa 125, kwa hiyo kutoka mnarani liko 305. Tofauti ni nyuzi 85. Ungeweza kutoa 40 kwenye 125 moja kwa moja ukapata hizo hizo 85, maana ukigeuza zote mbili tofauti haibadiliki. Hatari iko kwa anayegeuza mmoja na kuuacha mwingine. Huyo atatoa 125 kwenye 220, apate 95, na kwa bahati mbaya jibu lake la mwisho litakuwa mita 1,988, namba yenye adabu kabisa, iliyo ndani ya mipaka tuliyoiweka na isiyomshtua mtu. Kosa hili halijitangazi. Dawa yake ni kuchora mchoro wa haraka, ukaweka kaskazini kwenye tako la mnara, ukavionesha vyombo viwili mahali pake, ukaona kwa macho kama pembe iliyo baina yao ni kubwa au ndogo kuliko pembe mraba.

Kwa upande mwingine, kuna kosa ambalo kanuni yenyewe husamehe. Chombo kimoja kikiwa 350 na kingine 020, mwenye haraka atatoa apate 330 badala ya 30. Kosini za pembe hizo mbili ni sawasawa, na jibu litatoka sahihi kana kwamba hakuna kilichotokea. Sijui kama huu ni wema au ni malezi mabaya.

Kanuni ya kosini inasema: mraba wa upande unaotafutwa ni jumla ya miraba ya pande mbili, ukitoa mara mbili ya zao la pande hizo na kosini ya pembe iliyo kati yao. Wengi waliosoma hesabu kwa Kifaransa huijua kwa jina la al-Kashi, mwanahisabati aliyefanya kazi Samarkandi katika karne ya 15. Tukiweka namba zetu, miraba miwili inajumlisha takriban 3,645,000, na kinachotolewa ni kama 305,000. Kipeo cha pili cha kinachobaki ni 1,828. Meli na jahazi ziko mbali kwa mita 1,828, pungufu kidogo ya maili moja ya bahari, ambayo ni mita 1,852.

Mpaka hapo ni darasani. Baharini, pembe ya nyuzi moja na nusu haipimwi kwa kipimapembe cha plastiki chenye uzi na jiwe, maana chombo kinayumba na jiwe linayumba nacho. Manahodha wa Bahari ya Hindi, wakiwemo wa zama za Ibn Majid, walikuwa na kamali: kipande cha ubao chenye kamba ya mafundo, ambayo hung'atwa kwa meno ili ubao ukae umbali ule ule kutoka jichoni, wakapima nyota imepanda kiasi gani juu ya upeo wa bahari. Kwa taa ya mnara, kilichokuja kukamilisha kazi ni sekstanti. Ina tao lenye alama, darubini ndogo, kioo kimoja kilichokazwa ambacho nusu yake iko wazi, na kioo cha pili kilichofungwa kwenye mkono unaotembea juu ya tao. Kupitia nusu iliyo wazi unaona tako la mnara pale maji yanapogusa jiwe. Unausogeza mkono polepole, na kwenye nusu ya kioo taa inaanza kushuka kutoka juu, inashuka mbele ya ukuta wa mnara wake yenyewe, hadi inagusa maji. Hapo unasimama na kusoma. Chombo kikiyumba, taa na maji huyumba pamoja, kwa hiyo mguso haupotei. Kioo kikigeuka uzi mmoja taswira husogea nyuzi mbili, ndiyo maana tao la nyuzi 60 huandikwa alama hadi 120.

Sekstanti ina zawadi nyingine ambayo vitabu vya shule havina nafasi ya kuitaja. Jicho la mpimaji haliko kwenye usawa wa maji, liko mita kadhaa juu, kwenye sitaha. Kama angepima mwinuko kuanzia mstari wa mlalo wa jicho lake, angelazimika kupunguza kimo hicho kwenye zile mita 40. Lakini sekstanti inapima kutoka majini hadi kwenye taa. Kinachopungua juu ya mlalo kinaongezeka chini yake, na kwa pembe ndogo kama hizi mambo yanalingana hata tofauti isionekane. Sharti ni kwamba tako la mnara lionekane. Mwenye jicho lililo mita 4 juu ya maji ana upeo wa kilomita 7 hivi. Zaidi ya hapo mviringo wa dunia unameza tako, taa inabaki inaning'inia, na hesabu yetu haifai tena.

Lakini kinachoweza kuiharibu zaidi hesabu hii katika pwani yetu ni maji yenyewe. Kimo cha taa kwenye ramani ya bahari huandikwa kwa kawaida kuanzia usawa wa wastani wa maji ya bamvua yakiwa yamejaa, na hupimwa hadi katikati ya taa, si hadi kileleni mwa paa la mnara. Kwa Unguja, bamvua ikipwa, maji hushuka kama mita 4. Mnara haukurefuka, ila taa sasa iko mita 44 juu ya maji. Anayeendelea kutumia 40 atapata umbali mfupi kuliko ulivyo. Na kwa kuwa kila urefu katika hesabu hii umezaliwa na kimo kile kimoja, pande zote tatu hupungua kwa uwiano ule ule. Pembe zikisomwa zile zile maji yakiwa yamekupwa, umbali wa kweli baina ya vyombo ni kama mita 2,010, si 1,828. Afadhali kosa hili kuliko kinyume chake, maana linamfanya nahodha adhani yuko karibu na mwamba kuliko alivyo.

Pembe hazina madhara makubwa hivyo. Ukikosea mwinuko wa meli kwa dakika moja, ambayo ni sehemu ya 60 ya uzi, umbali wake na mnara unabadilika mita 17 tu. Dira ikikosea uzi mmoja kwenye pembe ya katikati, jibu linasogea kama mita 17 pia. Tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli haina shida hapa, kwa kuwa vyombo vyote viwili viko eneo moja na tofauti hiyo inafutika unapotoa. Isiyofutika ni hitilafu inayoletwa na chuma cha meli yenyewe. Jahazi la mbao halina chuma kingi, meli ya mizigo ni chuma kitupu, na hitilafu yake hubadilika kila inapogeuza omo.

Kwa hiyo, ewe mtungaji wa mtihani, ukilileta swali hili tena, waambie watoto kimo kimepimwa kutoka wapi na maji yalikuwaje. Nawe mwanafunzi, kikokotoo kikikuonesha 1,827.7, usiiandike hiyo pointi saba. Andika mita 1,830. Hakuna bahari inayopimwa kwa sentimita.