Saa ya Nyanya na Mswada Mrefu

Mhariri mmoja ninayemfahamu, mtu mzima aliyezeekea kwenye kazi ya vitabu, haanzi kazi kabla hajaizungusha saa ya jikoni iliyo mezani pake. Huizungusha mpaka mwisho ili springi ijikaze, kisha huirudisha polepole hadi dakika 25. Hapo saa huanza kulia tiki-tiki, naye huinamia karatasi. Ukimsemesha wakati huo, ananyoosha kidole kuelekea saa, basi.

Utaratibu huo aliubuni Francesco Cirillo, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Italia, mwishoni mwa miaka ya 1980. Masomo yalikuwa hayamkai kichwani, akajiuliza kama anaweza kusoma kweli kweli walau kwa dakika 10, na saa aliyoitumia ilikuwa na umbo la nyanya. Baadaye kipindi kikatulia kwenye dakika 25 za kazi na tano za kupumua, na baada ya vipindi vinne, mapumziko ya dakika 15 hadi 30.

Wengi wanaoufuata leo wameishia kwenye kengele. Kilichopotea ni karatasi, na kwangu mimi ustadi wote umo humo. Mzee yule ana karatasi moja kila siku, ameandika kazi zake upande wa kushoto. Kipindi kikitimia, anatia alama ya X mbele ya kazi husika. Akili yake ikitoroka, tuseme amekumbuka bili ya maji, anachora ritifaa, analiandika lile wazo sehemu ya chini ya karatasi, anaendelea. Akikatizwa na mtu wa nje, anachora kistari. Na akiinuka kabla ya kengele, hata zikiwa zimebaki dakika mbili, kipindi hicho hakihesabiwi. Hakuna nusu wala robo. Jioni karatasi inamweleza bila kumficha ni nani aliyemwibia siku: wenzake au nafsi yake. Simu inayolia kila baada ya dakika 25 haisemi hayo. Tena ndiyo hiyo hiyo inayoleta ujumbe wa kundi la harusi wakati unaitazama uone zimebaki dakika ngapi.

Kwa kazi za vipande vipande, kama kusahihisha tahajia, kuhakiki namba za kurasa au kujibu barua za waandishi, sijaona utaratibu unaouzidi huu. Lakini siku akisoma riwaya nzima kutafuta mahali hadithi inapojipinga, mzee huishia kuigeuza saa iangalie ukutani.

Sababu yake ni hii. Katika sura ya 12 mjane anamshutumu shemeji yake kuhusu hati ya shamba. Mhariri lazima ajue mjane aliijuaje ile hati, nani alikuwapo siku iliposomwa, na kama mvua ya sura ya nne ilinyesha kabla ya msiba au baada yake. Hayo hayapo kwenye ukurasa ulio mbele yake. Yamo kichwani, na kuyakusanya tu humla robo saa. Ndipo anaanza kuona ufa, na ndipo kengele inapolia. Kanuni ya Cirillo haina huruma: kengele ikilia unaacha, hata dakika moja usiongeze. Akirudi baada ya dakika tano, inabidi afungue tena sura ya nne. Kama kila kipindi kinapoteza dakika 10 kwa kurudia alipokuwa, basi vipindi vinne vya jumla ya dakika 100 vinampa kazi ya saa moja tu.

Karatasi yenyewe humwonyesha lini saa imemaliza kazi yake. Ritifaa zikikoma kabisa, na kikatizo pekee kilichosalia kikawa ni kengele, anaiweka kando na kusoma saa moja na nusu au mbili mfululizo. Anapolazimika kuinuka kabla hajamaliza, huandika mistari miwili: amefikia wapi, na swali gani lilikuwa linafuata. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihamia kazi nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile aliyoiacha, hasa kama hakuimaliza. Mistari ile miwili huipa akili mahali pa kuitua kazi.

Saa mbili mfululizo, lakini, nani anampa mhariri siku hizi? Kijana aliyeajiriwa kurithi meza yake anaitwa kikaoni saa nne, anaulizwa jambo kwenye simu saa nne na nusu, na mswada anausoma kwa vipande baina ya mambo hayo, kama anayevizia daladala. Tahajia anazisafisha vizuri sana. Na riwaya zinatoka kiwandani, jalada linang'aa, na ndani yake mjane anajua habari za hati ambayo hakuna aliyewahi kumwonyesha.