Nani Alitia Klorini?

Kauli ya kutendwa huweza kumwondoa mtendaji katika sentensi. Katika ripoti ya kisayansi, kabla ya kumwondoa, inabidi ijulikane kama alikuwa sehemu ya ushahidi. Huko Keshero, mtaa wa Goma ulio kando ya Ziwa Kivu, hilo si jambo la sarufi tupu. Watu wengi wa Goma huchota maji ya ziwa kwa bidoni, na kipindupindu kinapotishia, watia klorini husimama ufuoni na kutia dozi kwa sindano katika kila bidoni kabla mwenyewe hajajitwisha. Mwanafunzi anayefanya hapo utafiti wake wa kwanza, akitaka kujua ni klorini kiasi gani inabaki majini baada ya nusu saa, ataandika karibu bila kufikiri: "Maji yalichotwa ziwani, klorini ikatiwa, na baada ya kusubiri dakika 30 yakapimwa."

Sentensi hiyo ina sura ya kitaalamu, ila haisemi nani alitia klorini. Kama ni watia klorini wa ufuoni, namba zitakazofuata zinaeleza huduma wanayopata wakazi, pamoja na haraka ya foleni na mkono wa kila mtiaji. Kama ni mwanafunzi mwenyewe, aliyepima dozi kwa uangalifu, namba hizohizo zinaeleza jinsi klorini inavyofanya kazi katika maji ya Kivu, ambayo pH yake hukaribia 9. Shirika la Afya Duniani hutaka klorini huru isipungue 0.5 mg/l baada ya dakika 30, lakini kwa maji yenye pH chini ya 8. Juu ya hapo nguvu ya klorini hupungua. Kwa hiyo kipimo cha 0.1 mg/l katika ripoti ya kwanza kinamtuma msomaji kuitazama kazi ya ufuoni, na katika ripoti ya pili kinamtuma kuitazama kemia ya ziwa. Kiambishi kimoja kidogo, -w-, kimezichanganya tafiti mbili.

Dawa yake ni kumtaja mtendaji pale tu anapobadili maana: "Watia klorini wa ufuoni walitia dozi yao ya kawaida, mtafiti hakuingilia." Baada ya hapo kauli ya kutendwa inaweza kurudi bila hasara: "Bidoni zilifungwa, zikawekwa kivulini kwa dakika 30, zikapimwa kwa kidonge cha DPD 1." Anayefunga kifuniko hana athari kwa matokeo. Msomaji anafuata bidoni, na kiambishi zi- kikiungana na -ka- kinamwongoza hatua kwa hatua. Kumrudisha mtafiti katika kila kitenzi hapo kungekuwa kelele. Angalia pia kwamba "baada ya kusubiri" kumetoweka, maana katika sentensi ya awali yaliyosubiri, kisarufi, yalikuwa maji.

Kidonge cha DPD huyageuza maji kuwa ya waridi, na rangi hiyo hulinganishwa kwa jicho na vipande vya rangi vya kipimia. Jicho la mtu mmoja si sawa na macho ya wawili. Hapa desturi ya vyuo vya Kongo ya mwandishi mmoja kujiita "sisi" kwa unyenyekevu huleta madhara ya kweli: "tulisoma rangi" humfanya msomaji aamini kwamba watu wawili walikubaliana. "Rangi ilisomwa" haisemi lolote. Kinachofaa ni "mtu mmoja alisoma rangi zote", au, kama walikuwa wawili, kusema walivyofanya walipotofautiana.

Kauli ya kutendeka ni ya hila zaidi, kwa sababu haiachi hata nafasi ya kuuliza "na nani?". "Sampuli tatu zilikosekana" inasikika kama kudra. Ikiwa zilikosekana kwa sababu wenye bidoni walikataa kusubiri, basi waliobaki ni watu wasio na haraka, na hilo ni la kuandikwa: "Wenye bidoni watatu waliondoka kabla ya kipimo."

Katika mjadala wa matokeo, "imeonekana kwamba maji si salama" huficha anayedai. Mwanafunzi hana haja ya kukimbilia "mimi" ili kuirekebisha. Jarida la Nature huwashauri waandishi watumie kauli ya kutenda, na wasimamizi wengi bado huiogopa nafsi ya kwanza, lakini ugomvi huo unachanganya mambo mawili: kauli ya kutenda haidai nafsi ya kwanza. "Vipimo hivi vinaonyesha kwamba dozi ya ufuoni haikufikia 0.5 mg/l" ni kauli ya kutenda, haina mimi wala sisi, na msimamizi anayetaka kuipinga anajua ni vipimo vipi avikague.